Mauzo ya Mkoa na Mwezi: Jinsi Pivoti Inavyofupisha Orodha Ndefu

Simu ya mwenye ghala huja jioni, mahesabu yakiwa yanafungwa. "Mwanza mwezi wa tatu tumesimamaje?" Karani anafungua orodha ya mauzo kwenye kompyuta, anachuja mkoa, anachuja tarehe, anachukua kikokotoo na kuanza kujumlisha. Kabla hajafika katikati ya orodha, swali la pili limeshaingia: "Na Dodoma je? Ikilinganishwa na Januari?" Hapo anaanza upya.

Karani huyu wa mfano yupo katika maghala mengi. Tumweke Singida, mkoa unaojulikana kwa alizeti, kwenye ghala la jumla linalouza mafuta ya kula kwa madumu ya lita 20. Wanunuzi wanatoka Dodoma, Mwanza na Arusha. Kila muamala unaandikwa mstari mmoja, na ikifika mwisho wa mwaka orodha ina mistari elfu nne na ushee. Kila kitu kimo humo, ila hakuna anayeweza kukisoma kwa macho tu.

Kazi ya kuikunja orodha ndefu ya namna hiyo iwe jedwali dogo, mikoa ikishuka upande wa kushoto na miezi ikitanda juu, hufanywa na jedwali egemeo, ambalo maofisini wengi huliita pivoti. Wazo hilo lilianza kupata umbo ndani ya kampuni ya programu ya Lotus nchini Marekani, ambako mtaalamu aitwaye Pito Salas aliona kwamba watu wanaotumia lahajedwali hurudia mafungu yaleyale ya mahesabu. Programu iliyotokana na wazo hilo, Lotus Improv, ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za NeXT. Muda si mrefu, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990, Microsoft ikaweka kifaa cha aina hiyo ndani ya toleo la 5 la Excel kwa jina la PivotTable. Leo kimo pia katika Google Sheets na LibreOffice Calc.

Orodha iwe orodha

Pivoti haisomi kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi ya lahajedwali. Inataka orodha yenye umbo moja: mstari wa kwanza uwe na vichwa, kila safu ibebe aina moja tu ya habari, na kila muamala ukae kwenye mstari wake. Ifuatayo ni mistari 10 ya ghala letu la mfano, bei ya dumu ikiwa shilingi 90,000. Ni michache kwa makusudi, ili msomaji aweze kuyahakiki majibu kwa kalamu.

| Risiti | Tarehe | Mkoa | Madumu | Kiasi |
|---|---|---|---|---|
| 1001 | 03/01/2025 | Dodoma | 10 | 900,000 |
| 1002 | 08/01/2025 | Mwanza | 20 | 1,800,000 |
| 1003 | 21/01/2025 | Dodoma | 5 | 450,000 |
| 1004 | 27/01/2025 | Arusha | 8 | 720,000 |
| 1005 | 04/02/2025 | Mwanza | 12 | 1,080,000 |
| 1006 | 11/02/2025 | Arusha | 10 | 900,000 |
| 1007 | 19/02/2025 | Dodoma | 15 | 1,350,000 |
| 1008 | 05/03/2025 | Mwanza | 6 | 540,000 |
| 1009 | 14/03/2025 | Dodoma | 20 | 1,800,000 |
| 1010 | 26/03/2025 | Mwanza | 4 | 360,000 |

Mambo matatu ambayo makarani wengi huyafanya ili karatasi ipendeze ndiyo hasa yanayoiharibu orodha ya namna hii. La kwanza ni kuacha mstari mtupu kati ya mwezi na mwezi; programu ikiukuta mstari huo hudhani orodha imekwisha. La pili ni kuingiza mistari ya "Jumla ya Januari" katikati ya miamala. Pivoti haijui kwamba hiyo ni jumla, huihesabu kama muamala mwingine, na mauzo yanaonekana mara mbili. La tatu ni kuandika jina la mkoa mara moja tu juu na kuacha nafasi tupu kwa mistari inayofuata, kama inavyofanywa kwenye daftari. Kwenye daftari jicho linaelewa. Kwenye pivoti mistari hiyo yote huangukia kwenye mkoa usio na jina, ambao Excel huuandika `(blank)`.

Kutoka mistari hadi jedwali

Hatua ya kwanza ni kubofya seli yoyote ndani ya orodha na kubonyeza `Ctrl+T`. Excel itauliza kama orodha ina vichwa. Akishakubali, karani anapata orodha iliyofungwa kama kitu kimoja, inayorefuka yenyewe kila muamala mpya unapoandikwa chini yake. Kwenye kichupo cha `Table Design` anaweza kuipa jina, tuseme `Mauzo`. Watu wengi huiruka hatua hii, na gharama yake huonekana mwezi unaofuata, kama tutakavyoona.

Baada ya hapo ni `Insert`, kisha `PivotTable`, kisha `OK`. Karatasi mpya inafunguka, nyeupe, na upande wa kulia panatokea orodha ya vichwa vya safu pamoja na visanduku vinne: `Filters`, `Columns`, `Rows` na `Values`. Kazi yote iliyobaki ni kuburuta. Kichwa cha Mkoa kinapelekwa `Rows`, nayo mikoa inajipanga kushuka chini, kila mmoja mara moja tu hata kama kwenye orodha umeandikwa mara elfu. Kiasi kinapelekwa `Values`, nacho kinajumlishwa kwa kila mkoa. Tarehe inapelekwa `Columns`.

Hapo kwenye tarehe ndipo watu husita, kwa sababu swali linahusu miezi na orodha haina safu ya mwezi. Haihitajiki. Kuanzia Excel ya 2016, tarehe ikishaburutwa, programu huzikusanya siku yenyewe ziwe miezi. Kwenye matoleo ya zamani, au pale mkusanyo huo ulipozimwa, kila siku hujitokeza kama safu yake, na jedwali hukimbilia kulia mpaka linatoka nje ya kioo. Dawa ni kubofya tarehe mojawapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua `Group`, kisha kuwasha `Months` na `Years` kwa pamoja.

Hayo mawili yanakwenda pamoja kwa sababu maalumu. Ukiwasha `Months` peke yake kwenye orodha inayobeba zaidi ya mwaka mmoja, Januari ya 2024 na Januari ya 2025 zitamiminwa kwenye safu moja inayoitwa `Jan`. Jedwali litaonekana safi kabisa, lenye miezi 12 tu, na kila namba ndani yake itakuwa ya miaka miwili iliyochanganywa.

Anayetumia Google Sheets anafika palepale kwa njia inayofanana: `Insert`, `Pivot table`, kisha anaongeza vichwa kwenye mistari, safu na thamani. Tarehe zinakusanywa kwa kubofya mojawapo kwa kitufe cha kulia, `Create pivot date group`, na kuchagua `Year-Month`.

Jedwali linasema nini

Kwa mistari yetu 10, pivoti inatoa hiki:

| Mkoa | Jan | Feb | Mar | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Arusha | 720,000 | 900,000 | | 1,620,000 |
| Dodoma | 1,350,000 | 1,350,000 | 1,800,000 | 4,500,000 |
| Mwanza | 1,800,000 | 1,080,000 | 900,000 | 3,780,000 |
| Jumla | 3,870,000 | 3,330,000 | 2,700,000 | 9,900,000 |

Jibu la swali la mwenye ghala liko kwenye mstari wa tatu. Mwanza mwezi Machi imeleta 900,000, nusu kamili ya ile 1,800,000 ya Januari. Mtu akiishia hapo atasema soko la Mwanza linakufa, pengine hata kupunguza gari la kwenda huko.

Lakini kila namba kwenye pivoti ina mistari nyuma yake, na mistari hiyo inaitika ikiitwa. Karani akibofya mara mbili kwenye ile 900,000, Excel inafungua karatasi mpya yenye miamala iliyoizaa: risiti 1008 ya madumu 6 na risiti 1010 ya madumu 4. Akifanya vivyo hivyo kwenye 1,800,000 ya Januari, anakuta mstari mmoja tu, risiti 1002, madumu 20 kwa mkupuo. Basi idadi ya mauzo ya Mwanza haikushuka. Januari yalikuwa moja, Machi ni mawili. Kilichopungua ni ukubwa wa mzigo. Aliyechukua madumu 20 mara moja hakurudi kuchukua kiasi kile, na waliokuja Machi walichukua kidogo kidogo. Hayo ni mazungumzo tofauti kabisa na ya soko kufa, na mtu wa kupigiwa simu anajulikana.

Kwa orodha ya mistari elfu nne, kubofya seli moja moja kunachosha. Njia fupi ni kukiburuta kichwa cha Kiasi mara ya pili kwenye `Values`, kisha kubofya moja ya namba zake kwa kitufe cha kulia, kuchagua `Summarize Values By`, halafu `Count`. Sasa kila mwezi una safu mbili: fedha zilizoingia na idadi ya miamala iliyozileta. Fedha zikishuka idadi ikiwa palepale, wateja wananunua kidogo. Zikishuka pamoja, wateja wenyewe wamepungua.

Sura nyingine ya jedwali hilohilo hupatikana kwa kubofya namba kwa kitufe cha kulia na kuchagua `Show Values As`, kisha `% of Column Total`. Shilingi zinageuka sehemu ya mia ya mauzo ya mwezi husika. Mstari wa Dodoma unafundisha hapa. Januari na Februari mkoa huo umeleta kiasi kilekile, 1,350,000, ila sehemu yake imepanda kutoka asilimia 34.9 hadi 40.5. Dodoma haikuongeza hata dumu moja. Jumla ya mwezi ndiyo iliyopungua, ikakifanya kile kilichobaki pale pale kionekane kimekua. Kwa hiyo anayepeleka asilimia kwenye kikao bila kuweka shilingi pembeni anaweza kumpongeza msimamizi wa Dodoma kwa ukuaji ambao haukutokea.

Tarehe zinazogeuka kichwa chini

Makosa makubwa ya pivoti hayatokani na pivoti. Yanatoka kwenye orodha, na mabaya zaidi ni yale yasiyotoa kelele. La kwanza linahusu tarehe.

Afrika Mashariki huandika siku kwanza, halafu mwezi. Marekani huanza na mwezi. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na mipangilio ya Kimarekani, na hakuna anayeigusa. Faili la mauzo likitoka kwenye mfumo wa kaunta kwa umbo la CSV na kufunguliwa kwenye kompyuta ya namna hiyo, 03/01/2025 haisomwi kuwa tarehe 3 Januari. Inasomwa kuwa tarehe 1 Machi. Risiti 1002 ya tarehe 08/01 inahamia Agosti, na 1006 ya tarehe 11/02 inaruka mpaka Novemba. Vipi 21/01? Hakuna mwezi wa 21, hivyo Excel inashindwa kuisoma kama tarehe na inaiacha kama maandishi tu.

Katika mistari yetu 10, mitano itapinduliwa na mitano itabaki maandishi. Karani akijaribu kukusanya kwa miezi anapewa ujumbe wa `Cannot group that selection.` na kukwama. Huo ni ujumbe wa kushukuru, kwa sababu umelifichua tatizo. Hatari zaidi ni orodha fupi ya wiki ya kwanza ya kila mwezi, ambamo siku zote ni chini ya 13: hapo kila tarehe inapinduka, hakuna ujumbe wowote, na pivoti inajengeka bila shida. Jumla kuu nayo haitingishiki hata shilingi moja, maana fedha zote zimo. Zimekaa tu kwenye miezi isiyo yake.

Dalili ziko mbili. Kwanza ni miezi ambayo haijafika: karani aliyefunga hesabu za Machi akiona safu ya Agosti na Novemba, ajue tarehe zimepinduka. Ya pili inaonekana kwenye orodha yenyewe. Pale ambapo hakuna aliyebadilisha mpangilio wa safu, tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa kushoto. Safu ya tarehe inayoyumba, nyingine kulia nyingine kushoto, imechanganyika. Kwa uhakika zaidi, anaweza kubadili muundo wa safu kuwa `General`: tarehe halisi inageuka namba, kama 45660 kwa tarehe 3 Januari 2025, na maandishi yanabaki vilevile.

Tiba bora ni kurudi kwenye faili la asili, kubadili mpangilio wa eneo wa kompyuta uwe ule unaoanza na siku, kwa mfano `English (United Kingdom)`, ndipo faili lifunguliwe tena. Kama faili la asili halipo, na karani ana hakika kwamba safu nzima ilisomwa vibaya kwa mtindo huo mmoja, safu ya pembeni yenye fomula hii inarudisha kila tarehe mahali pake, ikidhaniwa kwamba tarehe ziko safu B na siku na mwezi vimeandikwa kwa tarakimu mbili:

```
=IF(ISNUMBER(B2),DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2)),
DATE(RIGHT(B2,4),MID(B2,4,2),LEFT(B2,2)))
```

Sehemu ya kwanza inabadilishana siku na mwezi kwa tarehe zilizopinduliwa. Ya pili inajenga tarehe kutoka kwenye maandishi. Isitumike kwenye safu ambayo baadhi ya tarehe ziliandikwa sawasawa kwa mkono. Hizo itazipindua, na kosa litakuwa limehamia upande wa pili.

Ile alama ya /=

Kosa la pili limo kwenye safu ya Kiasi. Mtu aliyezoea kuandika risiti anaweza kuandika 1,800,000/= bila hata kufikiri. Kwa binadamu ni namba. Kwa Excel, alama hiyo moja inaigeuza seli nzima kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi.

Tuseme risiti 1009 imeandikwa hivyo. Kiasi kikiburutwa kwenye `Values`, jedwali litajaa namba ndogo za ajabu, 1 na 2, na juu yake kutasomeka `Count of Kiasi` badala ya `Sum of Kiasi`. Excel imeona safu haina namba tupu, ikaamua kuhesabu mistari badala ya kujumlisha fedha. Wengi hubadili tu `Count` iwe `Sum` na kuendelea. Jedwali linarudi kuonekana la kawaida, ila Dodoma ya Machi sasa inasoma 0 na jumla kuu ni 8,100,000. Shilingi 1,800,000 zimetoweka.

Karani mwangalifu huijaribu jumla ya pivoti kwa kuilinganisha na `SUM` ya safu nzima. Kwa kosa hili jaribio hilo halisaidii kitu, kwa kuwa `SUM` nayo huyaruka maandishi na italeta 8,100,000 ileile. Vipimo viwili vilivyokosea kwa sababu moja hukubaliana vizuri sana. Kipimo kinachofaa ni kuhesabu seli:

```
=COUNTA(E2:E11)
=COUNT(E2:E11)
```

Fomula ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu. Ya pili inahesabu zenye namba tu. Hapa ya kwanza italeta 10 na ya pili 9, na ile tofauti ya 1 ndiyo risiti 1009. Kusafisha ni kazi ya dakika moja: safu ya Kiasi ichaguliwe, `Ctrl+H`, alama ya /= iandikwe kwenye nafasi ya kutafutwa, nafasi ya pili iachwe tupu, kisha `Replace All`. Zilizoandikwa kwa "TSh" mbele zinatibiwa vivyo hivyo.

Mwanza mbili

Majina ya mikoa nayo yana mitego yake, ingawa huu huonekana upesi. "Dar es Salaam", "DSM" na "Dar" ni sehemu moja kwa kila mtu ghalani, ila kwa pivoti ni mikoa mitatu. Herufi kubwa na ndogo hazisumbui Excel. MWANZA na Mwanza huwekwa pamoja. Kinachoisumbua ni nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa neno. Hapo jedwali linaonyesha mistari miwili inayosomeka Mwanza, inayofanana kama mapacha, na mauzo yamegawanyika kati yake. Fomula ya `=TRIM(C2)` kwenye safu ya pembeni huondoa nafasi hizo. Ili zisirudi, safu ya Mkoa iwekewe orodha ya kuchagua kupitia `Data`, `Data Validation`, kisha `List`. Kuanzia hapo karani anachagua jina la mkoa badala ya kuliandika.

Jedwali la jana

Aprili imeingia. Karani ameongeza miamala 300 chini ya orodha, anafungua karatasi ya pivoti, na haoni kitu kipya. Pivoti ya Excel kwa kawaida haisomi orodha moja kwa moja. Siku ilipotengenezwa ilichukua nakala ya data na kuihifadhi ndani ya faili, na namba zote zinatoka kwenye nakala hiyo. Mpaka aende `Data` na kubofya `Refresh All`, jedwali linaendelea kueleza hali ya siku ile.

Hapa ndipo `Ctrl+T` ya mwanzoni inapolipa. Pivoti iliyojengwa juu ya jedwali la `Mauzo`, ikiambiwa ijisomee upya, inafuata orodha mpaka ilipofika. Iliyojengwa juu ya seli zilizotajwa kwa idadi, tuseme A1 hadi E11, itasoma tena mistari ileile 10 hata ibofywe mara ngapi, na Aprili haitaonekana kamwe.

Kuna jingine linalotokana na nakala hiyo, nalo linahusu siri za biashara. Mwenye ghala akitaka kumtumia wakala wa Arusha muhtasari tu, karani anaweza kuifuta karatasi ya miamala, akaacha ya pivoti peke yake na kutuma faili. Anadhani ametuma jedwali dogo. Lakini wakala akibofya mara mbili kwenye ile jumla kuu ya 9,900,000, nakala iliyohifadhiwa inamwagika: kila risiti, kila tarehe, kila mkoa. Kama orodha ilikuwa na safu ya majina ya wateja, nayo inakuja. Cha kufanya ni kunakili jedwali na kulibandika kwenye faili jipya kwa `Paste Special` na `Values`, ambako zinakwenda namba tu, au kulituma kama PDF.

Seli tupu ya Arusha

Kwenye jedwali letu imebaki seli moja ambayo haijazungumziwa: Arusha, Machi. Haina sifuri, haina kitu. Pivoti inaacha seli tupu pale ambapo haikukuta mstari hata mmoja wenye mkoa huo na mwezi huo. Sifuri ingekuwa jambo jingine, kwa mfano mauzo ya 360,000 yaliyofutwa na marejesho ya 360,000, au ile risiti ya Dodoma iliyogeuka maandishi.

Baadhi ya watu hawapendi matundu hayo. Huenda `PivotTable Options`, kwenye `For empty cells show`, wakaandika 0 ili jedwali lijae. Linajaa kweli, ila tofauti kati ya hali hizo inafutika. Seli tupu ya Arusha ina maelezo zaidi ya moja: hakuna aliyenunua mwezi mzima, au daftari la gari la Arusha bado halijaingizwa kwenye kompyuta, au mauzo yameandikwa chini ya jina jingine la mkoa. Maelezo la tatu linathibitishwa kwa kutazama mstari wa `(blank)` na majina yanayofanana nayo. La pili linathibitishwa kwa kutazama vitabu vya risiti: vyetu vinakwenda 1001 hadi 1010 bila kuruka, lakini kama gari la Arusha lina kitabu chake chenye namba zake, mfululizo huu hausemi lolote juu yake. Karani atalazimika kumpigia dereva simu na kumuuliza kitabu kiko wapi, kabla mwenye ghala hajapiga simu yake ya jioni kuuliza habari za Arusha.